Uchumba Ukivunjika na Marafiki Bado ni Wenu Wote

Somo: Matendo ya Mitume 15:36–41, Wafilipi 4:2–3, 2 Samweli 15:1–11



Mwezi uliopita kijana mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani alinishika mkono baada ya ibada akaniambia, "Pasta, kila mwaka mnatufundisha vile tunafaa kuchumbiana. Mbona hakuna siku mmetufundisha vile watu wanaachana na wanaendelea kuabudu pamoja?" Nilicheka kidogo, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alikuwa na haki. Uchumba si ndoa. Sheria yetu yenyewe ya ndoa ya mwaka 2014 inasema ahadi ya kuoana haimfungi mtu, ingawa aliyepata hasara anaweza kudai fidia. Na afadhali uchumba uvunjike kabla ya madhabahu kuliko nyumba ivunjike baadaye. Kwa hivyo tukubaliane leo kwamba wachumba wengine wataachana, hata wale waliookoka, hata wale waliofunga na kuomba. Mimi sitahubiri juu ya kama waliachana vizuri au vibaya. Nitahubiri juu ya watu wa katikati: wale waliokuwa marafiki wa wote wawili, waimbaji wenzao, wanachama wenzao wa chama, wanakamati ya harusi.

Kwa sababu hapo ndipo moto huwaka. Wawili wanaachana Jumanne, na kufikia Jumapili kwaya imegawanyika sauti ya kwanza na sauti ya pili, na si kwa ajili ya muziki.

Tufungue Matendo 15. Huwa tunasoma habari hii tukiitafuta makosa: nani alikosea, Paulo ama Barnaba? Leo wacha tuisome tukiangalia marafiki. Kumbuka hawa wawili walikotoka. Paulo alipookoka hakuna mtu Yerusalemu alitaka kumkaribia. Ni Barnaba aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume. Baadaye Barnaba alienda hadi Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia. Walisafiri pamoja, wakapigwa vita pamoja. Halafu wakashindana juu ya Yohana Marko, kijana aliyewaacha njiani kule Pamfilia. Barnaba anataka aende nao tena, Paulo hataki. Luka hafichi: ugomvi ulikuwa mkali, wakatengana. Barnaba akamchukua Marko wakapanda meli kwenda Kipro. Paulo akamchagua Sila, akapita Shamu na Kilikia.

Sasa angalia huyo Sila. Sura hiyo hiyo ya 15, mistari ya juu, wazee wa Yerusalemu wanamtuma Sila aende Antiokia akiwa na nani? Na Paulo na Barnaba, wote wawili, na Yuda aitwaye Barsaba. Sila alikuwa amekula njiani na wote wawili. Alikuwa rafiki wa katikati! Na Marko naye, Wakolosai 4:10 inatuambia alikuwa ndugu wa Barnaba kwa damu. Kwa hivyo kila mmoja aliondoka na mtu, lakini hakuna mahali Luka anasema Sila aliambiwa, "Ukija na mimi, usimsalimu Barnaba tena." Kwenda kazini na mmoja si kumchukia mwingine. Wahubiri wengine husema kanisa la Antiokia lilimpendelea Paulo kwa sababu ndugu walimwombea alipoondoka. Mimi nasema Luka hajasema hivyo, na afadhali tuwache pale Luka ameachia.

Miaka kadhaa baadaye Paulo anaandikia Wakorintho, sura ya 9 mstari wa 6, na anamtaja Barnaba kama mtenda kazi mwenzake, mtu mwenye haki sawa na yake. Wakorintho walikuwa watu wa kupenda vikundi, si unawajua? Huyu ni wa Paulo, huyu ni wa Apolo, huyu ni wa Kefa. Paulo angetaka kupata wafuasi dhidi ya Barnaba, hapo ndipo soko lilikuwa. Hakuuza. Mtu mwenye kusoma Biblia yake ataniuliza, "Pasta, na Wagalatia 2:13?" Ni kweli, pale anasema Barnaba naye alivutwa na unafiki wa wale waliojitenga na watu wa Mataifa mezani. Lakini hilo lilikuwa jambo la injili, lilitendeka mbele ya watu, na aliyekemewa hasa ni Petro, tena uso kwa uso. Ile kesi ya Marko, ile ya kuumizana, Paulo hajaiandikia kanisa lolote barua. Na mwisho, 2 Timotheo 4, akiwa gerezani, anaagiza aletewe Marko kwa sababu anamfaa. Kama miaka hiyo yote angekuwa amewaambia watu wamtenge Marko, ni nani angemleta?

Tuko pamoja? Sasa tushuke chini mpaka kwetu.

Kuna wawili wa kanisa hili wamenipa ruhusa niwatumie kama mfano, mradi nisiwataje na nibadilishe mambo madogo. Nitawaita Dada na Kaka. Walichumbiana mwaka mmoja na nusu. Familia zilikuwa zimeshajuana, kamati ya harusi imeketi mara nne, watu 46 wamechanga. Wote wawili wako kwenye ushirika mmoja wa nyumbani, yeye Kaka anapiga kinanda na Dada anaimba. Wiki tisa kabla ya tarehe, wakaachana. Sababu naijua, na haina faida kwako.

Usiku ule ule Dada alikuwa na simu mkononi, ameandika ujumbe mrefu kwa rafiki yao mmoja, mweka hazina wa kamati. Aliniambia ulikuwa na maneno kama mia tatu. Kabla ya kuutuma alimpigia shangazi yake kule nyumbani, na shangazi akamwambia, "Huyo mweka hazina ni rafiki yako pekee, ama ni wenu?" Dada akasema ni wetu. Shangazi akamwambia, "Basi lia na mimi. Yeye umwachie pesa."

Nawaambia ukweli, huyo shangazi angeweza kusimama hapa badala yangu. Kwa sababu jambo la kwanza ni hilo: mtu aliyeumia lazima alie mahali. Tusidanganyane kwamba utanyamaza kabisa. Ukifunga mlango wote, maneno yatatokea dirishani, kwenye stetasi ya WhatsApp, kwenye ushuhuda wa Jumapili wenye mafumbo. Lakini chagua mtu mmoja au wawili walio nje ya mzunguko wenu. Shangazi, dada mkubwa, mshauri, mama wa kanisa ambaye hakuwa rafiki wa wote wawili. Kwake unaweza kusema yote, hata yale ya hasira, kwa sababu kesho hataketi meza moja na yule mwingine akijua siri yake na hawezi kumwangalia machoni. Rafiki wa katikati ukimjaza, umemtwika mzigo ambao hana pa kuutua.

Jambo la pili ni tangazo. Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayeeleza kesi yake kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amchunguze. Kila mtu anayeachana anaijua hiyo Mithali hata kama hajaisoma, ndiyo maana kuna mbio za nani atawahi kueleza. Atakayeeleza wa pili ataonekana anajitetea. Dawa yake ni moja tu: mseme pamoja, maneno yale yale, saa ile ile. Dada na Kaka walikutana kwa dakika ishirini mbele ya mzee mmoja wa kanisa, wakaandika ujumbe mmoja, na saa mbili usiku kila mmoja akautuma: yeye kwa kamati, huyu kwa ushirika. Ulisema hivi, nimeruhusiwa kuuandika:

"Wapendwa, tumekubaliana kutoendelea na mipango ya harusi. Tunawashukuru kwa upendo na michango yenu. Mweka hazina atawaeleza juu ya pesa kabla ya Jumamosi. Tunaomba msituulize sababu kwa sasa, na msijione mnapaswa kuwa upande wa mmoja wetu. Bado ni marafiki zenu sote wawili."

Maneno machache, na hamna "kwa sababu" hata moja. Hamna "baada ya maombi mengi niligundua," kwa maana huo ni mkuki uliofungwa kwa kitambaa cha kiroho. Ukisema Mungu amekuonyesha kwamba huyu si wako, umeshawaambia watu kwamba yeye ana kasoro na Mungu ni shahidi wako. Nani atabishana na hapo? Kama Mungu amekuonyesha, amina, kaa nalo.

Mmoja wao akikataa kuandika pamoja je? Hutokea sana. Basi tuma wako, mfupi vile vile, bila kumsemea. Andika "sitaendelea" badala ya "tumekubaliana," ili usiseme uongo. Ile sehemu ya kuwaomba watu wasichague upande, iweke hata kama unajua mwenzako hataiweka.

Sasa pesa. Wengi wanaruka hapa, lakini mimi nilisomea biashara kabla sijasomea Neno, na kuna kitu tulifundishwa kuhusu ubia unapovunjwa ambacho sijasahau. Wabia wakiachana, hawaanzi kwa kugawana. Wanaanza kwa kuwalipa watu wa nje wanaowadai. Wakishalipwa, ndipo wenyewe wanaangaliana. Marafiki waliochanga ni watu wa nje wanaowadai. Na rafiki ambaye pesa yake imepotelea kwenye uchumba wenu ataanza kutafuta wa kulaumu, hata akiwa mtu mpole, na ukimtafutia wa kulaumu umempa upande.

Kamati ilikuwa imekusanya shilingi 184,000. Mtu wa hema alikuwa ameshapewa 30,000 za kushika tarehe, na vitambaa vya wasimamizi vimenunuliwa kwa 24,000. Kwa hivyo mkononi zilibaki 130,000. Mtu wa hema alipopigiwa simu mapema, wiki tisa kabla, alirudisha 12,000. Zikawa 142,000. Upungufu 42,000. Hapo ndipo vita huja: yule aliyevunja alipe yote! Lakini ukisema hivyo lazima watu wajue nani alivunja, na kwa nini, na kamati imegeuka mahakama. Mzee aliwashauri wagawane nusu kwa nusu, kila mtu 21,000, walipe 7,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Mmoja wao aliona si haki. Huenda kweli haikuwa haki. Alilipa, akasema hiyo ndiyo bei ya kutomfanya mweka hazina hakimu wake.

Mweka hazina naye alifanya kazi safi. Aliweka hesabu yote kwenye kundi la kamati: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki, na nani amerudishiwa. Alianza na waliotoa kidogo, akamalizia na wakubwa zile 42,000 zilipokuwa zikilipwa. Wengine walisema, "Achana nazo, hiyo ni sadaka." Hiyo ni sawa, lakini mtu aseme mwenyewe, msimsemee. Vitambaa wasimamizi walibaki navyo. Mwingine ameshashona dera, na limempendeza.

Wapendwa, sasa nije mahali pagumu zaidi, kwa sababu watu wengi hawamwambii rafiki waziwazi, "Chagua mimi au yeye." Hiyo ni ya filamu. Sisi tunaomba watu wachague upande kwa njia ya adabu.

Soma Absalomu, 2 Samweli 15. Hakupiga tarumbeta siku ya kwanza. Aliamka mapema, akasimama kando ya njia ya lango. Mtu akija na shida, Absalomu anamwita: wewe unatoka mji gani? Anamsikiliza. Anamwambia kesi yako ni nzuri, pole tu hakuna mtu wa mfalme wa kukusikiliza. Mtu akitaka kumsujudia, anamshika na kumbusu. Hakuna tusi hata moja kwa Daudi pale. Ni ukarimu mtupu, na ndani ya ukarimu kuna uchaguzi wa kisiasa. Na mstari wa 11 ndio huniumiza: wakati ulipofika, watu mia mbili walitoka Yerusalemu pamoja naye kwa kualikwa tu, bila kujua lolote. Walidhani ni karamu. Walijikuta wako upande.

Hebu ujiulize kama hujamwalika mtu karamu ya namna hiyo. Umeandaa chai kwako ukaalika kila mtu wa ushirika isipokuwa mmoja, halafu picha zikawekwa usiku huo. Wale waliokuja kunywa chai wamehesabiwa, na hawakujua.

Kuna swali la upelelezi: "Umemwona juzi? Anaendeleaje? Yuko na mtu?" Rafiki akijibu, amekuwa mjumbe. Akikataa, amekuwa adui. Umemfungia njia zote mbili. Kuna "nakwambia wewe tu, usimwambie." Na kuna hii yetu sisi watu wa kiroho, ambayo shetani hupenda: ombi la maombi. "Wapendwa, tumkumbuke ndugu fulani, anapambana na roho ya kutotulia." Hayo ni mashtaka yaliyofumbwa macho. Ukitaka kujua tofauti, ni rahisi: je, ungeomba vile vile yeye akiwa ameketi kiti cha pili kutoka kwako? Kama la, usiombe hilo kwa sauti. Mungu anasikia hata ukiwa chumbani.

Nyingine ni kutoka kwenye kundi la WhatsApp kwa kishindo, halafu kungoja uone nani atakutafuta kando. Mtu anaweza kutoka, sikatai. Wakati mwingine kuona jina lake kila asubuhi ni kidonda. Lakini andika, "Napumzika kidogo na kundi, niko sawa, tutaonana Jumapili." Sentensi moja. Ama ufanye alivyofanya Kaka, aliyezima sauti ya kundi miezi miwili na hakuna aliyejua.

Halafu tukutane vipi? Dada na Kaka walikubaliana ratiba. Kwa miezi mitatu ya kwanza, ushirika wa nyumbani walienda kwa zamu, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Kwaya ilikuwa ngumu kugawa, kwa hivyo Kaka aliomba kiongozi ampumzishe mwezi mmoja, akisema tu kwamba anahitaji muda. Hakusema "kwa sababu ya yule." Siku ya kuzaliwa ya rafiki, yule anayealika aalike wote wawili na awaambie wazi kila mmoja kwamba mwingine amealikwa. Asiyeweza kuja atasema mapema, bila kumuuliza kwanza, "Yeye atakuwepo?" kwa sauti ile tunayoijua.

Kuna mahali ambapo zamu haiwezekani. Mwezi wa pili, mama ya rafiki yao alifariki. Rafiki huyu alikuwa kiungo chao, ndiye aliyewajulisha. Mazishi yalikuwa Nyandarua, kanisa likakodi matatu moja ya viti kumi na vinne. Rafiki, pamoja na msiba wake, alianza kumpigia mtu simu kuuliza ni nani kati yao ambaye angeumia zaidi akiambiwa asije. Fikiria! Mtu anazika mama yake na anapanga viti kwa ajili yetu. Dada aliposikia alimtumia Kaka ujumbe wa kwanza tangu waachane: "Tuende sote kwa mama. Nitakaa mbele na dereva." Kaka akajibu, "Sawa. Nitakaa nyuma." Wakasalimiana kwa mkono kituoni, "Habari yako?" "Nzuri, Mungu ni mwema," yakaisha. Wakaimba kaburini sauti zao. Hawakuwa wamepona, mmoja wao alilia njiani na haikuwa kwa ajili ya marehemu peke yake. Lakini rafiki alizika mama yake akiwa na watu wake wote.

Salamu fupi inatosha. Watu wanadhani amani ni lazima mkae mnapiga stori na kucheka. Wafilipi 4, Paulo anamsihi Euodia, na anarudia neno lile lile la kusihi kwa Sintike. Angeweza kulitumia mara moja kwa wote wawili, lakini kila mmoja amepewa lake, hakuna wa kwanza kwa heshima. Hatuambiwi waligombania nini. Halafu anamgeukia mtu wa tatu, yule anayemwita mwenzake wa kweli katika nira, amwambie awasaidie wanawake hao. Hajamwambia achunguze nani ana makosa. Amemkumbusha kwamba wote wawili walitaabika naye katika injili na majina yao yako katika kitabu cha uzima.

Kwa hivyo wewe wa katikati, una kazi pia. Ukiletewa maneno, sema, "Hilo mwambie mwenyewe, mimi nawapenda wote." Ukiulizwa habari, sema, "Yuko, muulize." Usionyeshe mtu skrinishoti ya mazungumzo ya mwingine, hata kama ni kwa nia njema ya kuwapatanisha. Na nyinyi wawili mkubali kitu kimoja kinachouma: marafiki wengine wataelemea upande mmoja bila kuombwa. Yule aliyesoma na Kaka tangu kidato cha kwanza atakuwa karibu zaidi na Kaka. Hajakusaliti, Dada. Marko alikuwa ndugu ya Barnaba. Mlitaka apande meli gani?

Lazima niseme na hili, nisije nikatumiwa vibaya. Haya yote ni ya watu walioachana kwa sababu za kawaida za watu. Kama mtu alikupiga, alikulazimisha, alikutishia, alichukua mkopo kwa jina lako, hapo hatuzungumzi habari ya pande. Hapo kuna tendo, na tendo lina mahali pake: polisi, wazee wa kanisa, nambari 1195 ambayo haitozwi. Kuwaambia marafiki, "Msimpe anwani yangu mpya, amenitishia," si kuwagawa. Na rafiki asijifiche nyuma ya "mimi niko katikati" wakati mtu anaumizwa. Utajua tofauti kwa kuuliza: habari hii naitoa ili mtu awe salama, ama ili mtu achukiwe? Kama ni usalama, sema ukweli wote kwa anayehusika, mapema.

Mwisho kuna siku ambayo watu huisahau kuipanga, siku mmoja anapopata mwingine. Hapo rafiki wa katikati huwa anajua kwanza, na anaanza kuishi kama mwizi, akinyamaza kila unapoingia. Mwondolee mzigo huo. Baada ya karibu miaka miwili Dada alichumbiwa tena. Kabla halijatangazwa kanisani, kabla hata hajawaambia waimbaji, alimtumia Kaka mistari miwili, kwamba jambo liko na hakutaka alisikie kwa mtu. Kaka hakujibu siku hiyo. Alijibu ya tatu yake: "Asante kwa kuniambia. Mungu awabariki." Harusini hakuenda, na hakuna aliyemuuliza. Mweka hazina wa kamati mpya, ambaye ni yule yule wa zamani, aliona jina lake kwenye M-Pesa, shilingi 2,000, akaliandika kwenye orodha kati ya majina mengine.